673 kati ya 1000: Kusoma alama za mtihani wa cheti, na kukata rufaa pale unapoona umeonewa

Ujumbe uliingia saa kumi jioni, na picha ya ripoti ya matokeo ikafuata. Kijana niliyekuwa nikimwandaa kwa mtihani wa cheti cha kompyuta alikuwa amepata 673. Alama ya kufaulu ilikuwa 700. Chini ya namba hiyo palikuwa na maeneo manne ya mtihani, kila moja na asilimia yake, naye alikuwa ameshapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu.

“Mwalimu, mimi nina asilimia 72. Pasi ni 70. Hawa si wamenidhulumu?”

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila dai lake halikuwa na miguu. Tulipokuwa tunaendelea kuongea akataja, kama jambo la kupita tu, kwamba skrini iliganda dakika 11 katikati ya mtihani huku saa ikiendelea kukimbia. Hilo lilikuwa na uzito, na yeye hakuwa na mpango wa kulisema popote. Nitaufuata mkasa wake mwanzo hadi mwisho, kwa sababu makosa aliyotaka kuyafanya ndiyo wanayofanya wengi.

Kwanza: 700 si asilimia 70

Mtihani mmoja wa cheti huwa na matoleo kadhaa. Wewe na jirani yako mnaweza kukaa siku moja, kila mmoja na maswali tofauti, na hata waandaaji wawe makini vipi, toleo moja litakuwa jepesi kidogo kuliko jingine. Kama kila mtu angehukumiwa kwa idadi ya maswali aliyopata, aliyeangukiwa na toleo gumu angeonewa. Kwa hiyo idadi hiyo, inayoitwa alama ghafi, inahamishiwa kwenye skeli moja ya pamoja. Ukisoma 700 kwenye toleo lolote, maana yake ni moja: umefika pale hasa mtahiniwa wa kiwango cha chini kinachokubalika anapotakiwa kufika.

Chukua mtihani wa kubuni wenye skeli ya 100 hadi 1000 na maswali 60 yanayohesabiwa. Toleo A ni gumu, kufaulu kwake ni maswali 42. Toleo B ni jepesi, kufaulu kwake ni 45. Tuseme sifuri inawekwa kwenye 100, alama ya kufaulu kwenye 700, na maswali yote 60 kwenye 1000. Aliyepata maswali 43 kwenye toleo B anapewa:

```
100 + 600 × (43 ÷ 45) = 673
```

Aliyepata hayohayo 43 kwenye toleo A anapewa:

```
700 + 300 × (43 − 42) ÷ (60 − 42) = 717
```

Mmoja amefeli, mwingine amefaulu, na wote wana asilimia 72 ya maswali. Inauma ukiiona mara ya kwanza, lakini wa toleo A alijibu maswali magumu zaidi. Taasisi nyingi hazitoi jedwali la ubadilishaji, na nyingine hutumia mbinu za kitakwimu zilizo tata kuliko mistari hii miwili, zinazopima ugumu wa kila swali peke yake. Wazo la msingi halibadiliki.

Skeli zenyewe hazifanani. Microsoft hutumia 1 hadi 1000, na mitihani yake ya kiufundi hufaulishwa kwa 700. AWS, kitengo cha Amazon cha huduma za wingu, huanzia 100 hadi 1000, na alama ya kufaulu hutegemea ngazi: 700 kwa ile ya msingi, 720 kwa ngazi ya kati, 750 kwa ya juu. CompTIA Security+ iko kwenye 100 hadi 900, na pasi ni 750. PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi, kwa cheti chake cha PMP haitoi namba kabisa, bali maneno yanayoeleza uko juu au chini ya lengo kiasi gani. Ndiyo maana kulinganisha “720 yangu” na “750 yako” kutoka mitihani miwili ni sawa na kulinganisha kilo na lita.

Kuna kitu kingine kinachovuruga hesabu za watahiniwa: maswali ya majaribio. Haya huwekwa ndani ya mtihani ili yapimwe kabla ya kuanza kutumika rasmi. Hayakuongezei wala kukupunguzia alama, na hayana kitambulisho chochote. Kwenye mitihani ya AWS ya ngazi ya kati yenye maswali 65, yanayohesabiwa ni 50 tu. Kwa hiyo yule anayesema “nilihesabu niliyo na uhakika nayo, yalikuwa 48” hajui mangapi kati yake yalihesabiwa.

Namba 45 ilitoka wapi?

Watu hudhani kuna bosi aliyekaa ofisini akasema pasi iwe hapa. Njia inayotumiwa sana ni ile ya Angoff, iliyopewa jina la William Angoff aliyeieleza mwaka 1971. Wataalamu wa fani hukaa pamoja na kukubaliana kwanza mtahiniwa wa kiwango cha chini kinachokubalika ni mtu wa namna gani, anaweza nini na hawezi nini. Kisha kwa kila swali hujiuliza: kati ya watu 100 wa aina hiyo, wangapi wangelipata? Mmoja anasema 70, mwingine 80. Wastani unachukuliwa, tuseme 0.75. Wastani wa maswali yote 60 ukijumlishwa unatoa alama ghafi ya kufaulu. Kwenye toleo B letu, jumla hiyo ni 45.

Kumbuka hiyo 0.75, itarudi kwenye rufaa na itavunja matumaini ya watu.

Pili: kusoma ripoti bila kujidanganya

Ripoti ya kijana wangu ilikuwa hivi: eneo la kwanza asilimia 67, la pili 78, la tatu 81, la nne 44. Wengi hujumlisha na kugawa kwa nne, wanapata 67 na ushei. Hilo ni kosa, kwa sababu maeneo hayana maswali sawa. Mwongozo wa mtihani huchapisha uzito wa kila eneo, na kwa mtihani wake ulikuwa 20, 30, 35 na 15 kwa mia. Yeye alikuwa mjanja, alizidisha kila asilimia kwa uzito wake:

```
0.20×67 + 0.30×78 + 0.35×81 + 0.15×44 = 71.75
```

Hapo ndipo ilipotoka ile 72. Hata hesabu hii haikuambii kama umefaulu, maana hujui toleo lako lilidai nini. Kazi ya asilimia za maeneo ni kukuonyesha pa kusomea, basi. Na hata hapo zisikupeleke mbio. Eneo lenye uzito wa 15 kwa mia kwenye maswali 60 lina maswali tisa tu, na asilimia 44 ni manne kati ya tisa. Angepata mawili zaidi angesoma 67, sawa na eneo la kwanza. Eneo dogo huruka juu na chini kwa swali moja au mawili, kwa hiyo usiapize kwamba “eneo la nne ndilo lililoniangusha” kabla hujajipima tena kwa mazoezi.

Angalia pia kama mtihani wako unadai ufaulu wa kila eneo. Wa AWS haudai: jumla ndiyo inayoamua, na eneo bovu linaweza kufidiwa na eneo zuri. Kuna mitihani mingine isiyokubali fidia ya aina hiyo. Sentensi hiyo huwa moja tu ndani ya mwongozo, na watu huiruka.

Sasa, 673 iko mbali kiasi gani na 700? Kwa toleo B la kubuni, kila swali chini ya mstari lina thamani ya alama 13 hivi, kwa hiyo alikosa maswali mawili. Kwa mtihani halisi huwezi kuhesabu kwa uhakika huo, lakini unaweza kujua kama uko maswali mawili matatu au kumi na tano. Aliye na 520 asahau habari ya swali moja lenye kasoro. Na kwa mtihani unaojirekebisha kadiri unavyojibu, kama ule wa CISSP, cheti cha usalama wa taarifa, usijaribu kabisa kuhesabu maswali, kwa sababu ugumu wa kila swali unategemea ulivyojibu yaliyotangulia.

Tatu: nini kinakatiwa rufaa na nini hakikatiwi

Alama ya kufaulu yenyewe haikatiwi rufaa. Ukiandika “pasi iko juu mno” au “nimekosa kwa alama chache tu”, barua yako itajibiwa kwa adabu na kufungwa.

Kuomba usahihishaji upya kuna maana ikiwa mtihani una insha, mahojiano, au kazi ya vitendo iliyopimwa na binadamu. Kwa maswali ya kuchagua yaliyosahihishwa na mashine, karibu kila mara namba inarudi ileile. Baadhi ya taasisi hutoza ada kwa huduma hii, na mimi sijawahi kumshauri mtu ailipe kwa mtihani wa kuchagua tu. Kazi ya vitendo ndani ya kompyuta ni habari nyingine: ikiwa mfumo haukuhifadhi ulichofanya, kuna cha kuangalia.

Swali lenye kasoro linakatiwa rufaa: lenye majibu mawili sahihi, lisilo na jibu, au linalotegemea kitu kilichokwisha badilishwa. Microsoft, kwa mfano, ina utaratibu wa kupinga swali, na unatakiwa ufanye hivyo ndani ya siku 30 tangu siku ya mtihani. Lakini tazama kinachoweza kutokea ukishinda. Tuseme swali lako la toleo B limeondolewa, nawe ulikuwa umelikosa. Alama zako ghafi zinabaki 43. Swali linapoondoka linaondoka na ile 0.75 yake, na alama ya kufaulu inashuka kutoka 45 hadi 44.25. Umeshinda hoja na bado umefeli. Kama taasisi itaamua kumpa kila mtu alama ya swali hilo, unafika 44, na skeli inasoma 687. Bado. Rufaa ya swali humwokoa aliye ukingoni kabisa. Wengine wote wanasaidia tu kusafisha mtihani kwa ajili ya watakaokuja.

Tukio la chumba cha mtihani nalo linakatiwa rufaa: umeme, mtandao, skrini kuganda, kelele, msimamizi kukukatiza, au msaada maalumu ulioidhinishiwa kutotolewa. Hapa ushahidi upo nje ya kichwa chako, kwa sababu mfumo hurekodi kila kitu. Ila ujue unachoweza kupata. Hawatakuongezea alama, kwani hakuna anayeweza kujua ungejibu nini. Ukishinda, kawaida jaribio linafutwa na unapewa nafasi nyingine bila malipo.

Mwisho ni matokeo yaliyozuiwa au kufutwa kwa tuhuma za udanganyifu. Hayo yana njia yake na ni mazito zaidi. Hapo jambo la kwanza ni kuomba kwa maandishi tuhuma yenyewe ni ipi, kabla hujaandika neno lolote la kujitetea.

Nne: hatua zenyewe, kuanzia dakika ya tukio

Ukiwa bado ndani, mwambie msimamizi hapohapo. Kama ni mtandaoni, andika kwenye gumzo: saa ngapi, nini kimetokea. Usipige picha ya skrini. Hiyo peke yake inaweza kukufutia matokeo. Omba namba ya kesi kabla hujatoka. Kijana wangu aliandika kwenye gumzo, akaambiwa asubiri, skrini ikarudi, akaendelea. Namba ya kesi hakuomba. Tulilazimika kuitafuta siku ya pili kwa kupiga simu kwa kampuni inayosimamia mitihani, na bahati nzuri gumzo lilikuwa limehifadhiwa.

Ukitoka, andika kila kitu kabla hujampigia mtu simu: saa uliyoanza, saa ya tukio, muda uliopotea, aliyosema msimamizi, maswali mangapi uliyaacha wazi. Kumbukumbu ya jioni ile ina nguvu kuliko ya wiki ijayo. Yaliyomo kwenye maswali usiyaandike neno kwa neno. Ulikubali masharti ya usiri kabla ya kuanza, na ukiyamwaga kwenye barua pepe au kundi la wanafunzi unampa mwenye mtihani sababu ya kukugeuzia kibao. Unapopinga swali, taja mada na aina ya kasoro, kisha tumia fomu yao rasmi.

Halafu tafuta sera ya rufaa kwenye tovuti ya taasisi inayotoa cheti. Anayesimamia chumba mara nyingi ni kampuni nyingine. Kampuni hiyo inathibitisha tukio, lakini anayeamua ni mwenye cheti. Watu hupoteza wiki mbili wakigombana na kituo ambacho hakina mamlaka. Kama cheti kimethibitishwa chini ya ISO/IEC 17024, kiwango cha kimataifa cha taasisi zinazotoa vyeti kwa watu, taasisi inatakiwa kuwa na utaratibu wa rufaa, na wanaoamua rufaa wasiwe walewale waliofanya uamuzi unaopingwa. Ukijibiwa na mtu yuleyule mara mbili, una haki ya kuuliza.

Soma sera hiyo kabla ya kujiandikisha upya. AWS hutaka siku 14 kabla ya kurudia. CompTIA haikuwekei muda wa kusubiri kati ya jaribio la kwanza na la pili, ila la tatu linasubiri siku 14. Hamu ya kulipa usiku uleule ni kubwa, lakini mtu akishalipa na kukaa upya, zawadi pekee ya rufaa, yaani jaribio la bure, inakuwa haina kazi tena.

Kisha barua. Rasimu ya kwanza ya kijana ilikuwa kurasa mbili. Alieleza alivyosoma miezi mitano, akaweka hesabu ya asilimia 72, na akadai skrini kuganda ndiko kulikoangusha eneo la nne. Nilifuta vyote vitatu. La mwisho lilikuwa hatari kabisa: maswali ya maeneo huja yamechanganywa, kwa hiyo dakika zilizopotea haziwezi kufungwa kwenye eneo moja, na msomaji mjuzi akiona dai hilo ataanza kutilia shaka na mengine. Kilichobaki ni hiki:

> Nilifanya mtihani tarehe iliyotajwa hapo juu, maswali 70 kwa dakika 120. Saa 3:42 asubuhi skrini iliganda. Nilimjulisha msimamizi kwa gumzo saa 3:43. Skrini ilirudi saa 3:53, na muda uliopotea, dakika 11, haukurudishwa. Kwa kasi ya mtihani huo, dakika 11 ni muda wa maswali sita hivi. Nilimaliza nikiwa na maswali matano ambayo sikuyafikia. Namba ya kesi ni hiyo niliyoiweka juu. Naomba kumbukumbu za kikao zikaguliwe, na ikithibitika, jaribio lifutwe na nipewe nafasi nyingine bila malipo.

Haina hata neno moja la uchungu. Kila sentensi inaweza kukaguliwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na ombi ni kitu ambacho anayeisoma ana uwezo wa kukitoa. Angeomba apewe cheti, angekataliwa kwa sababu ombi lenyewe halimo kwenye sera, hata kama tukio lingethibitika.

Ipeleke kwa njia waliyoitaja, hifadhi uthibitisho wa kupokelewa, na andika kwenye kalenda siku waliyoahidi kujibu. Siku hiyo ikipita, kumbusha kwa mstari mmoja ukijibu barua pepe ileile ili mazungumzo yasikatike. Ukikataliwa, uliza kama kuna ngazi ya pili na mwisho wake lini. Ngazi ya pili inataka kitu kipya au kosa la utaratibu katika uamuzi wa kwanza. Kurudia hoja zilezile kwa sauti ya juu hakusaidii.

Jibu lake lilichukua wiki tatu. Kumbukumbu zilionyesha dakika 10 na sekunde kadhaa, si 11. Alama hazikubadilishwa, jaribio lilifutwa, na akapewa nafasi ya bure. Alikaa upya mwezi uliofuata akapata 731, kisha akanitumia ujumbe kuuliza zile 31 za ziada zinaandikwa wapi kwenye cheti. Haziandikwi popote.